Ripoti ya Matokeo ya Tathmini ya Usonji: Neema, Miaka 9, Darasa la Nne

Mama Neema na Baba Neema,

Haya ndiyo tuliyozungumza kikaoni, nimeyaandika ili myasome kwa utulivu nyumbani. Ripoti ni yenu. Nani mwingine aione, ikiwemo shule, mtaamua nyinyi.

Nianze na jibu mlilolifuata. Neema ana usonji. Vigezo vya DSM-5, mwongozo ambao wataalamu huutumia kutambua hali kama hii, vimetimia: vyote vitatu vya mawasiliano na mahusiano ya kijamii, na vitatu kati ya vinne vya tabia za kujirudia, mapenzi mazito ya jambo moja na hisi (vinavyohitajika ni viwili). Msaada anaouhitaji ni wa kiwango cha kwanza kati ya vitatu. Hana ulemavu wa akili, lugha yake haikuchelewa, na kipimo cha masikio mlichokuja nacho hakina kasoro.

Naomba "kiwango cha kwanza" msikisome kama "usonji kidogo." Kinaeleza ukubwa wa msaada unaotakiwa. Uchovu anaorudi nao nyumbani hakiusemi.

Tulivyofikia hapo

Tulizungumza nanyi kwa kirefu juu ya makuzi yake tangu uchanga. Neema alifanya ADOS-2, kipimo cha kutazama dalili za usonji kwa mazungumzo na michezo, moduli ya 3, ambayo ni ya watoto wanaozungumza vizuri, kisha WISC-V ya uwezo wa kufikiri. Nyinyi mlijibu maswali ya Vineland-3 kuhusu maisha ya kila siku, mwalimu wake akajaza dodoso, nami nikaenda kumtazama shuleni asubuhi moja, mapumziko yakiwemo.

Shule inasema hana shida, nyumbani mnaona mengine

Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwalimu ameandika: "Mtoto mtulivu, msikivu, hanisumbui." Nyinyi mmeeleza mtoto anayevua viatu mlangoni na kuanza kulia kwa sababu ya mshono wa soksi, na kilio kinaweza kuchukua saa nzima. Baba uliuliza, na ni swali la haki: kama shuleni anaweza kujizuia, kwa nini nyumbani ashindwe? Mama, wewe ulihofu kwamba umemdekeza.

Nilichokiona wakati wa mapumziko ni hiki. Neema alisimama karibu na kundi la wasichana wa darasa lake. Mmoja akasema jambo, wote wakacheka. Neema aliwaangalia nyuso kwanza, ndipo naye akacheka, akiwa amechelewa kidogo tu. Ikawa hivyo mara kadhaa. Baadaye alijitenga taratibu, akatembea kando ya uzio huku akipitisha vidole kwenye nyaya, mpaka kengele ilipolia. Akawa wa kwanza kwenye mstari. Mwalimu anaona utii, na utii upo kweli. Ila nyuma yake kuna kazi ya kunakili wenzake kutwa nzima, bila mapumziko. Kujificha kwa namna hii huonekana sana kwa wasichana wenye usonji, na ni sababu mojawapo ya wengi wao kugunduliwa wakiwa wamechelewa.

Kwa hiyo ripoti ya mwalimu na yenu hazipingani. Uchovu anaujaza shuleni, anaumwaga nyumbani, mahali anapojua hatafukuzwa. Mama, huko si kudeka.

Katika chumba cha tathmini

Kwenye ADOS-2 Neema alipata alama 10. Kuanzia 9 matokeo huwekwa kwenye kundi la usonji. Alama hiyo peke yake haitoshi kutoa jibu, ila inakubaliana na mengine yote.

Mfano mmoja utasaidia. Katikati ya mazungumzo nilimwambia kwamba usiku uliopita sikupata usingizi kabisa, nikanyamaza kumsubiri. Alinitazama, akasema: "Mtu mzima ana mifupa 206, lakini mtoto mchanga ana mingi zaidi." Yote ni kweli, na alinieleza kwa furaha kwa nini inapungua. Nilipomuuliza waziwazi, "Unadhani nilijisikiaje?" alijibu, "Ulichoka. Pole." Huruma anayo. Anachokikosa ni ile ishara isiyosemwa kwamba sasa ni zamu yake kuuliza. Ukimwambia kwa maneno, anafika.

Katika WISC-V, uelewa wa maneno ni 118 na kasi ya kuchakata taarifa ni 84. Wastani wa watoto wa umri wake ni 100. Pengo ni kubwa mno kiasi kwamba sikuona maana ya kuwapa alama moja ya jumla. Anaelewa upesi, anaandika polepole, ndiyo maana hamalizi kunakili ubaoni na kuonekana mvivu. Kwenye Vineland-3 mahusiano ya kijamii ni 71, chini sana ya kile ambacho ufasaha wake ungekufanya utegemee.

Tulijiuliza pia kama ni wasiwasi tu. Wasiwasi upo, hasa asubuhi za shule, na utahitaji kushughulikiwa. Lakini hauwezi kueleza mtoto wa miaka miwili aliyepanga vifuniko vya chupa kwa rangi na kurudia matangazo ya redio neno kwa neno. Dalili za kushindwa kutulia na kuzingatia hazikufikia kiwango cha kuitwa ADHD.

Mliyouliza

Chanzo: hakuna mlichofanya. Sehemu kubwa inatokana na urithi wa vinasaba vingi. Chanjo hazisababishi usonji. Lile chapisho la mwaka 1998 lililozua hofu hiyo lilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010. Mdogo wake ana uwezekano mkubwa kuliko watoto wengine, kwa hiyo tutampima mapema mkiona jambo.

Dawa ya kuuondoa haipo. Atakayewaahidi tiba, iwe ya "kusafisha damu" au ya kunywa michanganyiko yenye klorini, mkimbieni, imeshadhuru watoto.

Kumwambia mwenyewe: ndiyo, na karibuni. Ameshajiona tofauti, na kwa sasa jina alilojipa ni "mjinga." Tutamwambia pamoja kikao kijacho.

Ninayopendekeza

Kwa wiki hizi za mwanzo, jambo moja lipite yote: saa ya kwanza baada ya shule isiwe na maswali, wageni wala kazi ya nyumbani. Soksi zisizo na mshono, chumba chenye utulivu, kitabu chake cha mifupa. Akilipuka, punguzeni maneno. Mafunzo yasubiri atulie. Mabadiliko ya ratiba atajiwe mapema, ikiwezekana kwa maandishi.

Shuleni, nashauri apewe maelezo ya ubaoni yakiwa yamechapishwa, muda wa ziada kwenye mitihani, mahali pa kupumzika bila kuomba ruhusa mbele ya darasa, na maagizo ya moja kwa moja. Asilazimishwe kumtazama mtu machoni. Barua fupi kwa mwalimu nimeiambatisha; mkiridhia, nitakwenda nanyi kuizungumza.

Mtaalamu wa tiba kazi amwone kwa masuala ya hisi na mwandiko. Kwa wasiwasi, ataanza nami tiba ya mazungumzo iliyorekebishwa kwa ajili yake, tukitumia michoro zaidi ya maswali ya "unajisikiaje."

Tutakutana tena baada ya wiki tatu, kisha miezi sita. Andikeni siku alizolipuka na kilichotangulia, mistari miwili inatosha. Baba, ulisema una mashaka na baadhi ya majibu. Njoo nayo, tutayapitia moja moja.

Mwanasaikolojia wa watoto,
kwa niaba ya timu ya tathmini