Dakika Tano

Rehema aliingia klabu ya mdahalo kwa sababu ya kengele. Mwalimu mlezi alikuwa akitafuta mtunza muda, kazi ambayo hakuna aliyeitaka, maana mtunza muda hukaa pembeni na hapigiwi makofi. Akanyoosha kidole nusu, kiwiko kikiwa bado juu ya dawati. Nadhani mwalimu pekee ndiye aliyemwona.

Alikuwa darasa moja nyuma yangu. Wenzake walisimulia kwamba jina lake likiitwa asubuhi aliitika kwa kunyanyua mkono tu, na mara nyingine aliandikwa hayupo hali ya kuwa amekaa pale pale, mstari wa tatu. Hakuwa na kiburi wala hakuwa mjinga. Sauti tu haikutoka.

Utaratibu wetu ulikuwa rahisi. Kila msemaji ana dakika tano. Dakika ya nne kengele hulia mara moja, ya tano hulia mara mbili, nawe unakaa. Mimi nilikuwa msemaji mkuu na sikuwa nakaa. Kengele ikilia mara mbili nilipandisha sauti nikaendelea, na watunza muda wote waliotangulia waliniacha. Nilihesabu hilo kuwa heshima.

Siku moja Rehema aligonga mara mbili. Nikaendelea. Akagonga tena. Nikanyoosha mkono kumtuliza, nikaendelea.

"Muda umekwisha, kaka."

Ilikuwa sauti nyembamba, yenye mkwaruzo. Ukumbi mzima uligeuka kumtafuta aliyesema. Nikamwambia namalizia.

"Dakika hizi ni za wapinzani," akasema, macho yakiwa kwenye saa.

Nikakaa. Siku mbili nzima nilikuwa na hasira naye, na nakiri hivyo kwa sababu sehemu kubwa ya hasira ile ilitokana na kujua kwamba alikuwa sahihi.

Kumbe mwalimu naye alisikia. Orodha ya wasemaji wa mdahalo uliofuata ilipobandikwa, jina la Rehema lilikuwemo, upande wa kupinga. Mada: wanafunzi waruhusiwe kuja na simu shuleni. Kengele ilibaki bila mtu, nikapewa mimi.

Alisimama na karatasi iliyojaa maandishi pande zote mbili. Ilitetemeka hadi tukaisikia, ikabidi ailaze mezani. "Mheshimiwa mwenyekiti, waamuzi waadilifu, mtunza muda makini, mimi napinga mada iliyo mbele yetu kwa sababu…" Hapo sauti ikakatika kama bomba lililofungwa. Nyuma kabisa mtu akacheka kwa pua. Mwenyekiti akamtazama mwalimu, mwalimu hakusema neno.

Rehema akanigeukia. Nilidhani anataka nimwokoe, nigonge kengele yaishe. Akauliza, "Nimebakiza ngapi?"

"Dakika nne na nusu."

Akatikisa kichwa, akabaki amesimama. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Hakukaa. Alizijua zile dakika kuliko yeyote kati yetu, miezi mitatu alikuwa akizipima, na alijua kwamba ni zake, na kwamba kwa sheria zetu hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Mshale wa sekunde ukazunguka robo nzima. Cheko likafa lenyewe. Kisha akaigeuza ile karatasi kifudifudi, akachukua daftari lake dogo.

"Wiki tatu zilizopita," akasema taratibu, "tulipojadili maktaba, upande unaotetea leo ulisema wanafunzi hawasomi vitabu kwa kuwa simu zinakula muda wao. Niliandika. Ilikuwa dakika ya pili ya hotuba. Leo upande huo huo unasema simu ndizo zitakazowasomesha. Naomba tuelezwe kilichobadilika. Ni simu, au ni mada?"

Ukumbi ukalipuka. Maneno yale ya wiki tatu zilizopita yalikuwa yangu.

Upande wa Rehema ulishindwa kwa kura siku ile. Hotuba yake iliisha dakika moja kabla ya wakati, na hoja yake ya pili ilikuwa dhaifu. Lakini baada ya mdahalo nilimwomba lile daftari nilione. Pambizoni mwa kila ukurasa aliandika dakika, na mbele yake alichosema kila mtu, muhula mzima. Sisi tulikuwa tunakuja kusema. Yeye alikuwa ndiye mtu pekee mle ndani aliyetusikiliza sote.

Tukaanza kufanya mazoezi pamoja. Alisimama mbele ya darasa tupu, mimi nikakaa dawati la mwisho nikiwa na agizo moja: ninyanyue mkono kila nisiposikia. Wiki ya kwanza mkono wangu ulikuwa juu karibu muda wote. Tukagundua kwamba tatizo lake halikuwa udogo wa sauti. Alikuwa akimeza silabi za mwisho, kila neno likiishia kooni, kana kwamba anaomba radhi kwa kulitoa. Basi akawa anasoma kwa sauti sentensi moja mara kumi, akitua kwenye silabi ya mwisho kama mtu anayeweka ndoo iliyojaa chini bila kumwaga. Sauti yake haikuwahi kuwa kubwa. Ila watu waliacha kunong'ona ili wamsikie.

Mwaka uliofuata wanachama walimchagua mwenyekiti. Jambo la kwanza alilofanya lilituudhi wengi, nami nikiwemo: kabla ya kufungua hoja za ukumbini aliweka dakika moja ya kimya, kila mtu aandike sentensi yake, kisha akawaita kwanza wale ambao hawajawahi kusema. Sisi wazoefu tukangoja na mikono yetu juu. Hata hivyo, ndani ya muhula mmoja, wanafunzi waliokuwa wakichungulia mlangoni walianza kuingia na kutafuta viti.

Ndipo tukapata habari kwamba saa ya klabu itachukuliwa kwa ajili ya marudio ya mitihani. Rehema akaomba kuonana na mkuu wa shule. Akatuchukua wawili: mimi, na Salma, binti mgeni aliyekuwa amesema mbele za watu mara moja tu. Nilipanga hotuba kichwani usiku kucha. Kwenye korido, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa, Rehema akamwambia Salma, "Wewe ndiye utakayesema."

Nilitaka kupinga. Klabu nzima ilikuwa hatarini, na huyu anamkabidhi mtoto! Lakini mlango ulikuwa umeshafunguka.

Mkuu wa shule hakutuinulia uso. Alikuwa akisahihisha, kalamu nyekundu mkononi. Akatazama saa ya ukutani. "Nina dakika tano," akasema.

Salma akasogea mbele. Akaamkia. Akasema kwamba kabla ya klabu alikuwa hajawahi kumuuliza mwalimu yeyote swali, hata akiwa hajaelewa, na kwamba sasa anauliza. Kisha akanyamaza. Vidole vyake vikaanza kukunja upindo wa sketi, ukikunjuka anaukunja tena.

Nikavuta pumzi ili nidakie. Rehema, bila kunitazama, akaniwekea mkono juu ya mkono wangu. Alikuwa akimtazama Salma, na aliposema sauti yake ilitua vizuri, silabi kwa silabi.

"Bado una dakika nne, Salma."

Mkuu wa shule akaweka kalamu chini. Tukasubiri.