Saa ya Babu Yako

Bwana Yesu asifiwe! Wakwe zangu, ndugu na majirani, sitawaweka sana mana chakula kiko tayari, ila Ezekieli na mkamwana wangu Neema njooni hapa mbele, simameni karibu yangu kabisa.

Mwanangu hii saa unaijua, umeikuta mkononi kwangu tangu unapata akili, ila habari yake yote sijawahi kukupa, nilikua naitunzia siku ya leo. Ni Seiko 5, babu yako aliinunua mwaka 1976 alipoajiriwa Tazara, reli ndo kwanza imeanza kazi, wakampanga stesheni ya Makambako, na kazi ya reli bila saa huiwezi, treni inatoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, kilomita 1,860, na kila inapopita lazima iandikwe imeingia saa ngapi imetoka saa ngapi. Haikai mbali na mkono wake.

Sasa mwaka 1983 mi nikachaguliwa kwenda sekondari ya bweni Iringa. Wazee mliopo hapa mnaukumbuka ule mwaka, maduka matupu, sabuni foleni, sukari foleni, alafu barua ya shule inataka tranka, godoro, ndoo, jembe, na nauli juu, na mshahara wa mzee umeshaisha. Akaivua saa akaiweka rehani kwa mfanyabiashara mmoja pale mjini. Hakuniambia kitu. Nilijua asubuhi ananisindikiza stendi, ameshika tranka langu, nikaona mkononi pamebaki alama tu ya mkanda. Nililia njia nzima jamani. Aliikomboa kidogokidogo, na mpaka tunamzika hakuwahi hata siku moja kunikumbushia lile jambo.

Kwaiyo Ezekieli nakupa hii saa lakini usiifanye ya kufungia kabatini. Haina betri, inajijaza yenyewe mkono unavyotembea, ukiivua ukaiacha siku mbili inasimama. Ivae kazini, ivae shambani, ikichubuka ichubuke, kioo chenyewe nimeshabadilishiwa na fundi pale Mwanjelwa. Na ikitokea siku mkeo anaumwa au mtoto anatakiwa shule na huna kitu, iuze, mi baba yako nimekuruhusu mbele ya watu hawa wote, usije ukakaa na saa ya babu mkononi na nyumbani kwako kuna mtu analia. Babu yako angekwambia hivohivo.

Neema mwanangu, karibu kwetu, na hii saa sasa ni yenu wote wawili. Ezekieli lete mkono wa kushoto. Neema mfunge mumeo, bonyeza hapo pembeni, ehee, hapohapo. Kina mama vigelegele viko wapi? Haya, mchungaji tuombee chakula, watu wale.