Kadi ya Rajabu: maelezo kwa Dada Zuhura

Dada Zuhura, habari za tangu jana. Kama tulivyoongea pale dukani Kariakoo, nakuandikia kila kitu ili ukikaa kwenye kompyuta usiku usihangaike kunipigia. Ni kadi ya kukusanya, kama zile za Pokémon za mwanao, ila aliyemo ni Rajabu wa kijiwe chetu cha Mbagala Rangi Tatu. Kahamishwa kikazi, Jumamosi anapanda treni ya SGR kwenda Dodoma, na Ijumaa jioni tunamuaga. Hajui chochote. Kila mwanakijiwe atapata kadi moja, na yake yeye itakuwa na fremu ya dhahabu.

Jambo moja naomba lisiguswe hata nafasi ikibana: kila namba imetokana na kitu tulichokiona sote kwa macho. Wenzangu walitaka nijaze 99 kwenye kila kisanduku kwa kuwa mtu anaondoka. Nimekataa. Kadi ya sifa tupu inakuwa kama wasifu wa marehemu, na Rajabu yu hai, tena bado ana deni langu.

Picha nimekutumia WhatsApp kama dokumenti, si kama picha ya kawaida, maana ikienda kawaida inabanwa na nywele zinakuwa ukungu. Ni ile aliyopiga kwenye pantoni la Kigamboni, kaegemea chuma cha pembeni, mkono mmoja kashika kashata iliyofungwa kwenye karatasi. Nyuma yake kuna abiria wengine. Hao waondoe wote, hatujawaomba ruhusa. Maji na yale maghorofa ya mjini yabaki, lakini yafifishe kidogo ili macho yaende kwa Rajabu.

Kofia imemtia kivuli usoni. Inua vivuli tu, hasa chini ya ukingo wa kofia, macho yaonekane. Usimng'arishe ngozi. Najua programu nyingi zikibonyezwa "kurekebisha" zinamtoa mtu mweupe kama kapakwa unga, na hapo kijiwe kizima kitauliza huyu ni nani. Rajabu ni mweusi wa kung'aa, abaki hivyohivyo. Kovu dogo la kwenye nyusi ya kushoto pia libaki.

Mkate kwa mkono, usitegemee kile kifutio cha kujiendesha chenyewe, kwa sababu nataka ule mkono wenye kashata utoke nje ya dirisha la picha na kupanda juu ya fremu, milimita mbili hivi. Hicho ndicho kitakachoifanya ionekane kadi na si picha ya kitambulisho.

Vipimo: kadi ikishakatwa iwe milimita 63 kwa 88. Weka ziada ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kisu, kwa hiyo faili lako liwe 69 kwa 94, sawa na pikseli 815 kwa 1110 ukipiga nukta 300 kwa inchi. Fremu iwe na unene wa milimita 4. Usiifanye nyembamba, kwani fremu nyembamba kisu kikihama hata nusu milimita upande mmoja unaonekana mnene na mwingine umekondeana, na jicho linaona hapohapo.

Ukitoa fremu unabaki na 55 kwa 80. Nimezigawa hivi kutoka juu kwenda chini: utepe wa jina 8, picha 38, utepe wa aina ya mhusika 5, visanduku vya namba 14, maandishi ya uwezo 15. Jumla 80, hakuna kilichobaki.

Sasa fremu. Kadi za aina hii hutofautishwa kwa uadimu, na sisi tunatumia ngazi mbili tu. ADIMU ni bluu iliyokoza, #1F3A93, hizo ni kadi 17 za wanakijiwe. HAZINA ni dhahabu, hiyo ni moja, ya Rajabu. Tafadhali usije ukashawishika na nyekundu wala kijani. Kijiwe kina Simba na Yanga nusu kwa nusu, na kwenye picha tayari kavaa jezi ya Yanga. Ukiongeza fremu ya kijani, watu wa Simba watakataa kadi mbele ya mgeni rasmi.

Dhahabu ndiyo inayonipa wasiwasi. Kwenye kioo #D4AF37 inapendeza, ikichapwa kwa wino wa kawaida wa CMYK inageuka haradali. Foili ya kweli kwa kadi moja ni gharama bure. Nadhani njia nzuri ni kuidanganya: upande wa juu kushoto anza na njano iliyopauka karibu na nyeupe, pita kwenye dhahabu, ishie kahawia iliyokoza chini kulia, kisha chora mstari mwembamba wa kahawia ndani na nje ya fremu. Jicho litakubali kwamba ni chuma kinachomulikwa. Na ile jezi nayo, geuza rangi kwenda CMYK mapema uone, maana kijani hicho huwa kinazimika.

Kwenye kona ya chini kulia kuna alama ndogo ya uadimu. Wengine huweka nyota, sisi weka kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono. Kimoja kwa ADIMU, vitatu kwa HAZINA.

Aina ya mhusika ilituletea ubishi. Walisema awe Shujaa, apewe upanga. Upanga wa nini? Rajabu hajawahi kumpiga mtu. Alichonacho ni kingine. Kuna siku bodaboda alimvunjia mwenye bajaji kioo cha pembeni pale kituoni, watu wakajaa, mmoja kashaokota jiwe. Rajabu akaingia katikati na swali moja: "Kioo shilingi ngapi?" Hakuna aliyekuwa anajua. Wakaanza kubishana bei badala ya kupigana, mara huyu anasema kumi, yule anasema cha Kichina ni saba, na Rajabu akavua kofia akaanza kuzunguka kwa waliokuja kutazama, "Wewe umeona sinema, lipa kiingilio." Kioo kililipwa palepale na chenji ikanunua kahawa. Kwa hiyo ni DALALI WA AMANI. Alama yake iwe mikono miwili na kofia katikati, imegeuzwa juu chini.

Maandishi ya mbele, andika kama yalivyo:

RAJABU WA RANGI TATU
Aina: DALALI WA AMANI

KUWAHI 07
MDOMO 96
DRAFTI 81
SITI YA DALADALA 93
UKARIMU 88
MADENI 99/12

NIPO NJIANI. Rajabu haguswi kwa zamu mbili. Bado anaoga.
KIOO SHILINGI NGAPI? Wagomvi wote huweka kadi chini na kunywa kahawa. Wanalipa watazamaji.

Toleo la Kijiwe, 01/18

Kwenye mstari huo wa mwisho, namba ya kabla ya mkwaju inabadilika kila kadi, 01 ni ile ya dhahabu. Kuwahi ni 07 na si sifuri kwa sababu aliwahi kufika mapema mara moja, alikuwa amekosea siku. Drafti tungempa zaidi, ila kuna mzee mmoja pale anamla kete zote bila kuacha kuongea na simu. Siti ya daladala haina mjadala: saa kumi na moja jioni, Kariakoo, gari halijasimama vizuri, yeye keshakaa dirishani na kuweka begi pembeni kukushikia nafasi. Kisanduku cha MADENI kina namba mbili makusudi. Ya kwanza ni kumbukumbu yake kwa anaowadai, ya pili kwa wanaomdai. Weka mkwaju uonekane vizuri, wasije wakadhani ni tarehe.

Visanduku viwe vitatu kwa mistari miwili, namba kubwa juu, jina dogo chini. Jina na namba tumia Bebas Neue. Kwa kuwa haina herufi ndogo, maandishi ya uwezo weka Open Sans ya pointi 6.5, isishuke chini ya hapo, tuna wazee wa miwani. Maandishi yote madogo yawe meusi ya wino mweusi peke yake, K 100. Ukichanganya wino nne, karatasi ikiteleza kidogo tu herufi zinatoa kivuli.

Nyuma ya kadi zote ni moja, na hapa ndipo nimekuachia uwanja. Nataka ipangwe kama khanga: pindo kuzunguka, mji katikati, jina chini. Kwenye mji chora kete za drafti zile za vizibo vya soda, vingine vimegeuzwa. Jina la khanga ni hili:

UKIFIKA DODOMA TUPIGIE USISEME UPO NJIANI

Pindo lisikaribie ukingo kwa chini ya milimita 3, kwa sababu ileile ya kisu.

Kuchapa: karatasi ya SRA3 ni 320 kwa 450. Ukizilaza kadi, tatu zinaingia kwa upana na sita kwa urefu, yaani 282 kwa 414, na ukingo wa mashine unabaki. Hizo ni 18 kamili, karatasi moja inatosha. Ndiyo maana nilikataa kuongeza majina kwenye orodha, binamu yake wa Tandika atanisamehe. Karatasi iwe gramu 350, laminesheni ya mati pande zote mbili kabla ya kukata, kona zikatwe mviringo wa milimita 3. Waambie wachape nakala moja ya majaribio, uishike dhidi ya taa uone kama mbele na nyuma zimelingana, ndipo waendelee.

Elfu 20 nimeshakutumia kwa simu, elfu 25 nitamalizia Ijumaa saa nne asubuhi nikija kuchukua. Rasimu nitumie kesho usiku niangalie, lakini nitumie mimi mwenyewe. Usiiweke kwenye grupu la kijiwe, Rajabu yumo, na kwenye grupu ndiko huwa anawahi.