Yah: Ombi la meza moja na dakika 20 kwenye kongamano la nafaka – washiriki waje na mahindi yao

Ndugu Mratibu,

Salaam, na poleni na maandalizi.

Naitwa Rehema. Nina duka la vifaa vya kuhifadhi nafaka hapa Kibaigwa, ng'ambo ya barabara ukitokea sokoni. Nimeliona tangazo lenu la kuita waoneshaji na wazungumzaji kwa kongamano la wadau wa nafaka la Mei 21 na 22 hapo Dodoma mjini. Naomba meza moja kwa siku zote mbili, na dakika 20 za kuzungumza siku ya kwanza kabla ya chai ya saa nne. Kama ratiba ya wazungumzaji imeshajaa, meza peke yake inanitosha, na ada nitalipa kama waoneshaji wengine.

Niseme mapema ili tusije tukalaumiana: mimi ni mfanyabiashara. Nauza mifuko ya PICS, maturubai na vipimo vya unyevu. Lakini siku ya kwanza sitauza kitu mezani hapo, hata mfuko mmoja. Sababu yake ni hii.

Kongamano la mwaka jana nilihudhuria kama mshiriki. Nilizunguka mabanda yote na nikarudi nyumbani na kalamu sita, kofia mbili na vipeperushi ambavyo wanangu walifungia karanga. Aliyekaa kiti cha jirani alikuwa mkulima wa Kiteto, na alikuja na swali moja tu: kwa nini mahindi aliyoyaanika wiki mbili juani bado yanaota ukungu ghalani? Alilizungusha swali lake banda hadi banda, kila mahali akaelezwa bidhaa. Jioni akapanda basi nalo.

Ombi langu ni mumwandikie kila mshiriki kwenye ujumbe wa kuthibitisha usajili mstari mmoja tu: "Njoo na vikombe viwili vya mahindi kutoka kwenye akiba yako, kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri." Mezani kwangu atayapima mwenyewe, kwa mikono yake, na kuondoka na jibu la mahindi yake, siyo ya mfano.

Kipimo cha kwanza ni chupa na chumvi. Unachukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, unaijaza mahindi hadi theluthi moja, unatia vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri, unafunga na kutikisa dakika mbili au tatu. Kisha unaiacha itulie robo saa. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 na hayajafikia kuwekwa ghalani. Ikidondoka chini yote, umeshavuka hatua hiyo. Watu wakiona chumvi imeganda kwenye kioo kama ukungu wa asubuhi, na mahindi ni yale waliyoapa kwamba yamekauka, huwa wananyamaza kidogo. Nimeliona hilo dukani kwangu mara nyingi.

Ila chumvi haimalizi kazi. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, kwa hiyo kati ya 13.5 na 15 kuna pengo ambalo chupa haiwezi kulisema. Hapo ndipo nitakapotoa kipimo cha betri, na kila mtu atasomewa namba yake na kuandikiwa kwenye kikaratasi. Chupa nitazileta ishirini, kwa sababu robo saa ya kusubiri ikiwa na foleni watu watakimbilia chakula.

Kuhusu zile dakika 20, sitaleta picha za ukutani. Nitasimulia jinsi nilivyoharibu magunia yangu 11. Mwaka wa pili wa biashara nilijiamini, nikanunua mahindi mapema shambani, nikayaingiza kwenye mifuko isiyopitisha hewa bila kuyapima. Nilifikiri mfuko ndio unaokausha. Mfuko haukaushi chochote. Kazi yake ni kuzuia hewa isiingie, wadudu wakitumia oksijeni iliyobaki wanakufa, dumuzi akiwemo. Unyevu uliofungiwa ndani unabaki humohumo. Nilipofungua Desemba, harufu ilinipiga kama kimea kilichosahaulika mtungini, na mkono ulipozama ndani ulikuta joto. Hata kuku sikuwapa.

Baada ya hapo nitafungua mfuko mbele ya watu: tabaka mbili za plastiki ndani, moja la kiroba nje. Nitaonesha namna ya kupuliza kila plastiki na kuiminya ili kusikiliza kama imetoboka, kisha namna ya kufunga, kwa kuwa wengi wanakosea hapo. Wanakusanya midomo yote mitatu wanaifunga kamba moja. Inatakiwa kila plastiki ifungwe peke yake: unaunyonga mdomo, unaukunja, unaukaza kwa mpira, ndipo unakwenda kwenye tabaka linalofuata. Nitaomba mshiriki mmoja apande jukwaani afunge, mwingine ajaribu kuukamua. Mkinipa dakika 15 badala ya 20, nitapunguza simulizi langu, siyo kufunga mfuko.

Jambo moja naomba mnisaidie. Kipimo changu ni cha unyevu, sio cha sumukuvu. Sumukuvu haionekani kwa macho, haiondoki kwa kupika, na mahindi yanaweza kuwa makavu leo ilhali ilishaingia tangu shambani. Wengi wa washiriki wenu ni wa Dodoma na Manyara, na hawajasahau mwaka 2016, watu walipopoteza maisha katika mikoa hii miwili kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sitaki mtu aondoke kwenye meza yangu akidhani kikaratasi chenye 13 ni cheti cha usalama. Kwa hiyo kama mnao wataalamu wa maabara watakaokuwepo, naomba muwaweke meza ya jirani, ili nikimaliza mimi nimwelekeze mtu kwao.

Mahitaji yangu ni madogo. Meza moja ndefu, viti viwili vya plastiki, na ndoo ya taka kwa sababu mahindi yatamwagika tu. Umeme sihitaji. Naomba nisiwekwe karibu na spika. Kumweleza mtu habari za ghala lake kwa kupiga kelele hakuleti heshima. Mlangoni panapoingia mwanga wa jua pangefaa zaidi.

Mwisho wa siku ya pili nitawapa hesabu, bila majina: sampuli ngapi zilipimwa, ngapi zilizidi 13.5, na zilitoka wilaya zipi. Mei watu wanaanza kuingiza mavuno, hivyo namba hizo mnaweza kuzitumia kwenye taarifa yenu kabla mahindi hayajafungiwa. Siku hiyo ya pili, kuanzia saa nane mchana, naomba ruhusa ya kupokea oda. Bei ya mfuko ni shilingi 5,000, na itaandikwa mezani wazi kila mtu aione.

Nitashukuru nikipata jibu kabla ya Mei 2, kwa barua pepe hii hii, ili niwahi kukausha chumvi na kumpata kijana wa kunisaidia kuandika vikaratasi. Mkipenda kujionea kwanza, karibuni dukani siku yoyote isipokuwa Jumapili. Mje na mahindi.

Wenu katika kazi,

Rehema
Duka la vifaa vya kuhifadhi nafaka
Kibaigwa, Kongwa