Thamani aigeni: jumla inakubali, zao linakataa. Nani kakosea?

Swali

Shikamoo kaka. Ijumaa tuna testi ya aljebra ya mstari na hapa tumebishana hadi tumechoka. Matriksi ni hii:

```
A = |  4  -2 |
    |  1   1 |
```

Mimi nimepata λ² − 5λ + 2 = 0, kwa hiyo λ = (5 ± √17)/2. Mwenzangu kaanza kwa kuifanya matriksi iwe ya pembetatu, akasoma namba za ulalo, akapata 4 na 1.5. Anasema yuko sahihi kwa sababu 4 × 1.5 = 6, na determinanti ni 6 kweli. Mimi najiona niko sahihi kwa sababu zangu zinajumlika kuwa 5, na tresi ni 4 + 1 = 5. Nani yuko sahihi? Pia tuna nyingine ya 3 × 3 ambayo hatujaigusa:

```
B = | 2  1  0 |
    | 1  3  1 |
    | 0  1  2 |
```

Jibu

Marahaba mdogo wangu. Wote wawili mmekosea, lakini hoja zenu zote mbili ni nzuri. Kila mmoja kapima kwa kipimo kimoja, na bahati mbaya kila mmoja kachagua kile ambacho kosa lake haliwezi kukigusa. Laiti mngebadilishana vipimo, ubishi ungeisha palepale.

Tuanze mwanzo. Tunatafuta namba λ ambayo Av = λv, na v isiwe vekta sifuri. Hiyo ni sawa na kusema (A − λI)v = 0. Kama A − λI ingekuwa na kinyume, v ingelazimika kuwa sifuri. Kwa hiyo tunataka isiwe na kinyume, yaani det(A − λI) = 0. Huo ndio mlinganyo bainishi. Kwa A yako:

```
| 4-λ   -2  |
|  1   1-λ  |
```

Determinanti yake ni (4 − λ)(1 − λ) − (−2)(1). Hapa ndipo ulipoteleza. Ile −2 ina alama yake ya kutoa, na kanuni ya determinanti ina alama yake nyingine. Umeandika moja tu, ukapata 4 − 2 = 2 pale ilipotakiwa 4 + 2 = 6. Mimi huandika mabano hata pale yanapoonekana ya kupoteza wino, kwa sababu kosa hili nimelisahihisha kwenye karatasi nyingi mno. Mlinganyo sahihi ni:

λ² − 5λ + 6 = 0, yaani (λ − 2)(λ − 3) = 0.

Thamani aigeni ni 2 na 3. Jumla ni 5, zao ni 6. Vyote viwili vimekaa.

Sasa tazama kwa nini tresi haikukuokoa. Kwa matriksi yoyote ya 2 × 2, mlinganyo bainishi ni λ² − tr(A)λ + det(A) = 0. Namba ya katikati inatoka kwenye ulalo peke yake. Kosa lako lilikuwa nje ya ulalo, likaharibu namba ya mwisho tu. Ungezidisha mizizi yako ungepata (25 − 17)/4 = 2, na determinanti ni 6. Hapo ungejua umekosea kabla hata ya kujua umekosea wapi.

Mwenzako kosa lake ni zito zaidi, maana si la alama bali ni la wazo. Ametoa robo ya safu mlalo ya kwanza kutoka safu ya pili:

```
| 4  -2  |
| 0  1.5 |
```

Kweli, thamani aigeni za matriksi ya pembetatu husomwa kwenye ulalo. Lakini hizo ni za matriksi *hii*, si za A. Kuongeza au kutoa kigawe cha safu moja kwenye safu nyingine hakubadili determinanti, ndiyo maana 6 yake imebaki salama. Thamani aigeni hubadilika. Tresi ingemwambia: 4 + 1.5 = 5.5, na A ina 5. Mwambie asichoke, njia yake ni halali kabisa kwa kutafuta determinanti, ila ukitafuta λ usiguse safu kabla ya kutoa λ kwenye ulalo.

Twende kwenye B. Tresi ni 2 + 3 + 2 = 7. Determinanti, kwa kufungua safu ya kwanza: 2(6 − 1) − 1(2 − 0) = 10 − 2 = 8. Ziandike pembeni sasa hivi, kabla hujaanza kutafuta chochote. Ukiziandika mwishoni, jicho linashawishika kuzipatanisha na jibu ulilokwisha kupata.

det(B − λI) = (2 − λ)[(3 − λ)(2 − λ) − 1] − 1·(2 − λ)

Usikimbilie kufungua mabano yote. (2 − λ) ipo pande zote mbili, itoe nje:

(2 − λ)[(3 − λ)(2 − λ) − 2] = (2 − λ)(λ² − 5λ + 4) = (2 − λ)(λ − 1)(λ − 4)

Kwa hiyo λ = 1, 2, 4. Jumla 7, zao 8.

Ila kwa 3 × 3 kuna tundu ambalo vipimo hivi viwili havilizibi. Mlinganyo ukiufungua wote ni λ³ − 7λ² + 14λ − 8 = 0. Tresi inalinda 7, determinanti inalinda 8, na ile 14 ya katikati haina mlinzi. Mtu akisahau kutoa zao za namba za nje ya ulalo, atapata 6 + 4 + 6 = 16 badala ya 5 + 4 + 5 = 14. Mizizi ya mlinganyo wake bado itajumlika kuwa 7 na kuzidishika kuwa 8, na yote itakuwa si sahihi.

Dawa yake ni tresi ya B². Jumla ya vipeo vya pili vya thamani aigeni lazima iwe sawa nayo. B ni linganifu, safu zake mlalo na safu zake wima zinafanana, kwa hiyo tr(B²) ni jumla ya vipeo vya pili vya namba zake zote: 4 + 1 + 1 + 9 + 1 + 1 + 4 = 21. Na 1 + 4 + 16 = 21. Yule wa 16 angepata 7² − 2(16) = 17, akarudi kwenye daftari.

Kama wakati unaruhusu, pitisha vekta moja. Kwa λ = 4, safu ya kwanza ya B − 4I inasema −2x + y = 0, ya tatu inasema y − 2z = 0. Chukua v = (1, 2, 1). Kisha Bv = (2 + 2, 1 + 6 + 1, 2 + 2) = (4, 8, 4), ambayo ni 4v.

Vekta za λ = 1 na λ = 2 zitafuteni wenyewe leo usiku, kila mmoja kwa karatasi yake. Kwa kuwa B ni linganifu, vekta zote tatu zinapaswa kukutana kwa pembe mraba: zidisheni mbilimbili, namba kwa namba, mjumlishe. Isipotoka sifuri, nitumieni picha ya hatua zenu.