Kifua cha Mama: pendekezo la filamu ya makala ya dakika 52

Kwa Mhariri wa Vipindi vya Makala,

Saa tisa usiku muuguzi anamlaza mtoto kwenye mizani. Gramu 1,140. Jana zilikuwa 1,125. Mama yake hasemi kitu; anafungua vifungo vya gauni, anampokea mwanawe na kumlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, kisha muuguzi anawafunga pamoja kwa kitambaa. Gramu 15 ndizo habari kubwa ya usiku huo.

Tunaomba kutengeneza filamu itakayokaa wiki 10 ndani ya wodi moja ya watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito. Njia hii ya kumlaza mtoto kifuani, iitwayo njia ya kangaruu, ilianzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 na madaktari Edgar Rey na Héctor Martínez, wakati ambapo mashine za kutunzia joto hazikutosha na maambukizi yalikuwa mengi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ianze mara tu baada ya mtoto kuzaliwa, hata kabla hali yake haijatengemaa. Hapo ndipo hadithi yetu ilipo: mama aliyekuwa akisubiri nje ya mlango sasa ni sehemu ya matibabu. Je, wodi inampa nafasi hiyo kweli?

Ruhusa ya kuingia

Tumeitembelea wodi hii kwa miezi minne bila kamera. Barua ya uongozi wa hospitali na kibali cha kamati yake ya maadili tumeviambatisha. Watu wawili tu wataingia: mwongozaji, ambaye ndiye mpiga picha, na fundi sauti. Hatutaleta taa. Vifaa vitafutwa kwa spiriti kila tuingiapo, na kitaa chekundu cha kamera kitafunikwa kwa utepe, kwa sababu tuliona jinsi akina mama wanavyokodolea macho kila kinachowaka karibu na kitanda. Muuguzi wa zamu akisema tutoke, tunatoka bila kuuliza sababu.

Maadili

Kibali cha hospitali kinatufungulia mlango; hakimsemei mama. Aliyejifungua jana, ana maumivu na hajui kama mwanawe ataamka, anaweza kutia saini karatasi yoyote anayopewa na mtu aliyevaa kitambulisho. Saini ya namna hiyo hatuitaki. Hatutamwomba ridhaa kabla ya saa 72 kupita, na atakayemwomba si mfanyakazi wa wodi. Tutamuuliza tena siku ya kuruhusiwa, na mara ya tatu akishaitazama filamu. Mpaka picha ifungwe anaweza kujitoa, na sehemu zake zitaondolewa hata kama zinabomoa filamu. Tunajua hilo linaupa utayarishaji mashaka, tumeyakubali.

Wauguzi nao wana shinikizo lao. Mkuu wao ameshakubali, hivyo kukataa si rahisi. Kila mmoja atatujibu faraghani, na jibu lake halitafika kwa mkuu.

Mtoto akifariki, kamera inazimwa. Hatutapiga picha za kifo wala kilio cha dakika zile. Familia ikitaka kusimulia baadaye, tutarudi itakapotuita. Hatulipii simulizi, nauli tu tutarudisha. Jina la ukoo na faili la matibabu havitaonekana. Nanyi tunawaomba jambo moja liingie kwenye mkataba: kipande chochote cha matangazo kitakachomwonyesha mtoto kiidhinishwe kwanza na mzazi.

Mtiririko wa hadithi

Tutafuata familia tatu na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku. Filamu inaanza mama akiogopa kumgusa mwanawe, mguu wake ukiwa mfupi kuliko kidole cha muuguzi. Katikati ni siku za kupanda na kushuka: maziwa yanayopita kwenye mpira wa kulishia tone kwa tone, pumzi inayosimama kidogo kisha kurudi, baba anayejifunza kuvaa kitambaa. Mwisho hatuuandiki sasa. Tutarudi nyumbani kwa kila familia iliyoruhusiwa, mwezi Juni, na kuona kinachobaki wodi isipokuwepo. Hakuna msimulizi wala muziki wa kuhuzunisha. Mlio wa mashine unatosha.

Tarehe za kukabidhi

Upigaji picha: 11 Januari hadi 21 Machi 2027. Mkato wa kwanza utawafikia 6 Agosti, na maoni yenu tunayahitaji ifikapo 20 Agosti, kwa kuwa familia zitatazama kati ya 30 Agosti na 10 Septemba. Muda huo hauwezi kubanwa. Picha inafungwa 24 Septemba. Nakala ya mwisho ya 4K, fremu 25 kwa sekunde, sauti ya LUFS -23, pamoja na manukuu na karatasi za ridhaa, mtaipata 29 Oktoba. Tunapendekeza irushwe 17 Novemba 2027, Siku ya Watoto Njiti Duniani.

Tuko tayari kuja kuwaonyesha picha za mnato za wodi tupu, siku yoyote mtakayotupangia.