Mdogo wangu, hiyo si malaria

Leicester, 12 Januari 2025

Mdogo wangu Rehema,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujamaliza kufungua bahasha.

Nimeandika barua kwa sababu simu yako inashikwa na kila mtoto hapo Tabata, na haya si ya kusikilizwa kwa spika sebuleni. Mwanaidi ndiye anayekuletea, pamoja na begi.

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Tangu Oktoba umepima malaria mara tatu, hakuna kitu. Wakasema taifodi, ukachomwa sindano, na bado usiku "homa" inakuja. Lakini umenieleza mwenyewe: joto linaanzia kifuani, linapanda shingoni mpaka usoni, unalowa chapachapa, dakika chache limeisha na unatafuta shuka kwa baridi. Una miaka 47, na siku zako zimeanza kuja zinavyotaka. Rehema, homa gani hiyo inayokaa dakika tano? Mwili wako unaelekea kukoma hedhi.

Nisamehe kwamba sikukuambia mapema. Mimi ilinianza nikiwa na 48, na nilinyamaza kama Mama alivyonyamaza. Unakumbuka pale Temeke alivyokuwa akishuka kitandani analala kwenye simenti, kanga mbichi kifuani, na sisi tukidhani amegombana na Baba? Akatupigia kelele siku nzima kwa sababu ya kikombe kimoja? Leo ndiyo nimemwelewa. Somo alitufundisha siku zinavyoanza, mpaka namna ya kufua vitambaa na pa kuvianika. Za kukoma hakuna aliyetufundisha.

Kwangu ilikuwa Januari kama hii, theluji nje. Shemeji yako amejifunika mablanketi mawili, mimi nimefungua mlango wa nyuma saa tisa usiku, nimesimama kwenye ngazi na gauni la kulalia, mvuke unanitoka mabegani kama ubwabwa uliofunuliwa. Nikaanza kucheka peke yangu, kisha nikalia. Kazini ndiko kulikonitisha zaidi. Kuna bibi niliyekuwa namwogesha miaka mitatu, siku hiyo nikasimama mbele yake na taulo mkononi, jina lake limepotea kabisa. Nikajua nimeanza kurukwa na akili. Viungo vinauma, moyo unadunda bila sababu, usingizi hakuna. Daktari wa kwanza alisikia "silali, nalia" akanipa dawa za sonona. Nilizimeza miezi minne. Wa pili, mama mtu mzima, aliuliza swali moja tu: "Siku zako zinakujaje?"

Alinieleza hivi: mifuko ya mayai inachoka, na ile homoni ya estrojeni haishuki taratibu, inapanda na kuporomoka. Sehemu ya ubongo inayopima joto inakuwa na wahaka; mwili ukipata joto kidogo tu, inadhani unaungua na inafungulia jasho. Hedhi inahesabiwa imekoma ukimaliza miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Kabla ya hapo vurugu inaweza kuchukua miaka kadhaa. Wewe uko humo kwenye vurugu.

Kwa hiyo bado unaweza kushika mimba, mwanangu wewe! Kwa aliye chini ya miaka 50, wanashauri uzazi wa mpango uendelee mpaka miaka miwili ipite tangu hedhi ya mwisho. Usije ukasema zimekoma kumbe unalea.

Sasa swali lako: nikutumie zile plasta zangu za estrojeni. Sikutumii, na usinune. Plasta zenyewe ndizo zilizonirudisha duniani, sitakuficha. Nabandika chini ya kiuno, nabadilisha mara mbili kwa wiki, na usiku nameza kidonge cha projesteroni kwa sababu kizazi bado ninacho. Estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa kizazi na inaweza kuleta saratani ya huko, ndiyo maana hivyo viwili vinakwenda pamoja. Baada ya wiki kama tatu joto lilipungua, nikalala usiku mzima, na jina la yule bibi likarudi. Lakini mimi nilipimwa kwanza. Wewe una presha, na vidonge vyako unavinywa siku unayokumbuka. Tena shangazi alitibiwa saratani ya titi pale Ocean Road. Kwa hilo moja hawakuninyima dawa, ila waliuliza vizuri. Halafu umesema umetoka damu mara mbili mwezi wa Desemba, yenye mabonge. Hilo ndilo linalonikosesha raha kuliko joto. Inaweza kuwa homoni, inaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi, na damu ikitoka hivyo nawe unapungukiwa. Siwezi kukubandikia plasta juu ya kitu ambacho hakijaangaliwa.

Nenda kwa daktari wa akina mama, si duka la dawa la pale mtaani. Usimwambie "nina homa". Mwambie: nina miaka 47, hedhi imevurugika, natoka mabonge, napata joto la ghafla, nina presha. Omba wakupime wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo, maana tezi hiyo nayo huleta jasho na moyo kudunda. Na ultrasaundi ya kizazi. Kama homoni hazikufai, zipo dawa nyingine za kupunguza joto, ataamua yeye. Wale wa mtandaoni wanaouza dawa za kusafisha kizazi, na wa kufukiza huko chini, waache na pesa yako ibaki mfukoni. Hata mimi hapa nilinunua vidonge vya mitishamba vya bei ya kutisha; nilichopata ni kwenda chooni.

Kwa joto la Dar na umeme kukatika, najua huna mlango wa theluji wa kufungua. Lala na pamba, acha yale magauni yanayoteleza. Weka kanga mbichi na chupa ya maji karibu na mto. Chunguza kinachokuchokoza: kwangu ni kahawa na pilipili, na chai ya moto jioni. Kutoka Kariakoo shuka kituo kimoja kabla utembee, maana mifupa nayo hupungua nguvu estrojeni ikishuka. Dagaa utafune na mifupa yake.

La mwisho, la chumbani. Ukavu ulinipata, na tendo likawa kama msasa. Nilimkwepa shemeji yako karibu mwaka, naye akadhani nina mwingine. Kuna jeli ya kulainisha inauzwa famasi, na kuna krimu ya estrojeni ya ukeni ambayo daktari anaandika. Hiyo hufanya kazi palepale na kidogo sana ndiyo huingia kwenye damu. Ila kilichosaidia kwanza ni kumwambia. Nilimwambia gizani, nimempa mgongo. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo si mimi?" Mwambie na wewe shemeji yangu, kabla hajajitungia maneno yake.

Ndani ya begi gauni la pamba la kijani ni lako, la bluu mpelekee wifi. Kwenye bahasha ndogo kuna hela ya vipimo. Ni ya vipimo, Rehema, si ya mzigo wa vitenge. Nipigie Jumapili usiku watoto wakilala, uniambie umepanga kwenda siku gani. Nitabaki kwenye simu mpaka uitwe ndani.

Dada yako,
Zuhura